Linki Imekufa Siku ya Mwisho

Saa kumi na moja jioni Rehema aligusa linki ya fomu ya ufadhili wa masomo kwa mara ya saba. Skrini ikarudia jibu lile lile: `404 Not Found`. Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Vyeti vilikuwa vimeshaskaniwa, barua ya mwalimu mkuu ipo, na mama yake alikuwa ameuza kuku wawili kulipia skani na bando.

"Mama, linki haifunguki."

"Nenda kwa mjomba wako, kabla hajafunga."

Mjomba ana duka la stesheneri karibu na stendi ya Muheza. Aliitazama simu bila haraka.

"Ingekuwa tovuti haipatikani kabisa, ningesema mtandao wako au mitambo yao. Lakini hii 404 ni jibu, mama. Umebisha hodi, mwenye nyumba ameitika, ila chumba unachokiulizia hakipo. Anuani uliipata wapi?"

"Kwenye tangazo, shikamoo… samahani mjomba, hata sijakuamkia. Ni PDF, nimegusa tu."

"Marahaba."

Akalikuza tangazo. Anuani ilikuwa ndefu, ikakatika mwisho wa mstari kwenye `undergraduate-`, neno `form` likaangukia mstari wa chini. Simu ilikuwa imechukua mstari wa juu peke yake. (Wanaotoa matangazo haya wangejaribu kwanza linki zao kwenye simu ya kawaida, watu wengi wangelala mapema.)

Rehema alitaka kuandika mara moja, mjomba akamzuia. "Kwanza piga picha ya skrini, saa na tarehe vionekane. Watumie barua pepe sasa hivi, muda ukiwa haujaisha. Ukilalamika kesho watajuaje kwamba leo ulihangaika?"

Alituma mistari mitatu: jina lake, tatizo, picha. Kisha akaandika `undergraduate-form` kwa mkono. 404 tena. Macho yakaanza kumlenga machozi.

"Toa hicho kistari," mjomba alisema. "Huenda ni cha kuvunjia neno tu, si cha anuani."

`undergraduateform`. Fomu ikafunguka.

Mama alipiga simu saa mbili usiku, akihofia saa sita. Mjomba akamsomea tangazo: mwisho ni 23:59 GMT, na sisi tuko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo kwetu ni saa nane na dakika 59 usiku. "Lakini hatuingoji, dada. Wakati huo kila mtu atakuwa anatuma."

Saa tatu kasorobo barua pepe iliingia, ikiwa na namba ya maombi. Rehema aliinakili kwenye daftari, akapanda bodaboda kurudi nyumbani.

Mama alikuwa mlangoni. "Wamekupa?"

"Wamepokea, mama. Majibu bado."

"Haya, njoo ule."