Tangazo kwa Mzazi Aliyekosa Kikao

Rekodi ya kikao cha wazazi hunasa sauti, lakini haioni mikono iliyonyooshwa. Hapo ndipo tangazo la waliokosa kikao hupotoka. Tuseme wanajadili chakula cha mchana: mzazi mmoja anapendekeza kilo 15 za mahindi kwa mwanafunzi, mwingine anasema 10, kelele zinapanda, kisha mwenyekiti anasema, “Basi, hiyo imepita.” Ipi? Mwandishi airudishe rekodi nyuma, kisha amuulize katibu aliyehesabu mikono. Ndipo aandike: “Kikao kilikubaliana kila mwanafunzi alete kilo 10 za mahindi kabla ya tarehe 30. Asiyeweza amwone mwalimu mkuu.” Majina ya waliobishana, na ya mzazi aliyeeleza shida zake, yasiingie kwenye tangazo.