Namba Haina Mwenyewe, Jedwali Lina Mwenyewe

Tuchukue mwanafunzi wa lishe aliyeko Morogoro. Amewahoji akina mama 120, na kila mmoja amemweleza alichokula katika saa 24 zilizopita: ugali, mchicha, dagaa, maharage, chai ya maziwa. Ili ajue kila mama amepata chuma kiasi gani au vitamini A kiasi gani, inambidi akigeuze chakula kuwa namba. Namba hizo zimo katika kitabu cha majedwali ya virutubishi vya vyakula vya Tanzania, kilichotolewa Dar es Salaam mwaka 2008 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard. Kila mstari ni chakula kimoja, kila safu ni kirutubishi kimoja.

Mwanafunzi anakifungua kitabu, anafungua faili jipya la Excel, anaanza kuchapa. Baada ya siku chache ana lahajedwali zuri linalomfanyia hesabu zote. Mwaka unapita, makala yake inakubaliwa na jarida, na mhariri anamtaka aweke data zote mtandaoni zipatikane kwa kila mtu, pamoja na lile lahajedwali. Hapo ndipo anapojiuliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa mwanzo: je, lile jedwali ni langu kuligawa?

Jibu linaanzia kwenye tofauti moja ambayo sheria za hakimiliki za karibu nchi zote zinaishika. Ukweli haumilikiwi. Kiasi cha protini kilichomo katika gramu 100 za maharage makavu ni jambo la maumbile. Aliyekipima amekigundua, hakukibuni. Kinachoweza kulindwa ni kazi ya mtu juu ya ukweli huo: vyakula alivyochagua kuviingiza na alivyoviacha, namna alivyovipanga katika makundi, majina aliyoyatumia, maelezo ya chini ya jedwali na dibaji. Mkataba wa TRIPS wa mwaka 1994, unaozifunga nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani, zikiwamo Tanzania na Kenya, unasema hivyo waziwazi. Mkusanyo wa data hulindwa pale uchaguzi au mpangilio wake unapokuwa kazi ya akili, lakini ulinzi huo haufiki kwenye data zenyewe.

Kesi iliyoichora mipaka hii vizuri zaidi ilihusu kitabu cha simu. Kampuni moja ya simu ya jimbo la Kansas, Marekani, iliishitaki kampuni ya Feist kwa kunakili orodha ya wateja wake. Wizi ulijulikana kwa sababu kampuni ya simu ilikuwa imechomeka majina ya uongo katika orodha yake, na majina manne kati ya hayo yakaonekana katika kitabu cha Feist. Kunakili kulithibitika pasipo shaka. Hata hivyo mwaka 1991 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba Feist hakuvunja hakimiliki. Majina na namba za simu ni ukweli, na kuyapanga kwa alfabeti si ubunifu. Jasho la kukusanya peke yake halimpi mtu hakimiliki.

Msomaji asikimbilie kushangilia. Miaka mitatu baadaye mahakama ya rufaa ya New York ilitoa uamuzi unaoelekea upande mwingine, kuhusu kitabu cha bei za magari yaliyotumika. Humo nako mlikuwa na majedwali matupu ya namba. Lakini bei zile hazikuwa zimepimwa popote. Wahariri walizikadiria kwa kutumia uzoefu na utaalamu wao, na mahakama ikasema kadirio la namna hiyo ni kazi ya mwandishi, si ukweli uliookotwa.

Tukirudi kwa mwanafunzi wetu, kesi hizi mbili zinamfundisha kuzitazama namba zake kwa jicho jipya. Chuma cha mchicha mbichi kilichopimwa maabara kiko upande wa kitabu cha simu. Lakini chuma cha sahani ya mchicha uliopikwa kwa nazi ni habari nyingine. Mara nyingi hakuna aliyeipima sahani hiyo. Mtunzi wa jedwali amechagua mapishi, ameamua nazi iwe kiasi gani, amekadiria virutubishi vinavyopotea motoni, ndipo akapata namba. Namba hiyo imebeba maamuzi ya mtu, na inakaribia upande wa bei za magari.

Tena sheria hazifanani. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inayataja majedwali waziwazi miongoni mwa kazi za maandishi, na kipimo chake ni kwamba juhudi za kutosha ziwe zimetumika kuipa kazi sura yake ya asili. Neno juhudi lina uzito. Mkusanyaji aliyetoka jasho ana nafasi nzuri zaidi Nairobi kuliko aliyokuwa nayo Kansas. Katika Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 1996, kuna haki ya pekee ya hifadhidata: aliyewekeza sana katika kukusanya data anaweza kuzuia zisichotwe kwa wingi kwa miaka 15, hata kama mpangilio wake hauna ubunifu wowote. Tanzania Bara ina sheria yake ya mwaka 1999, na Zanzibar ina yake ya mwaka 2003. Kwa hiyo anayesema kuwa namba ni bure kila mahali amesoma nusu ya habari.

Katika kazi ya kila siku, mpaka wenye maana kubwa ni kati ya kutumia na kugawa. Kuchapa thamani katika kompyuta yako ili ukokotoe matokeo ya utafiti wako, huku ukikitaja kitabu, ni jambo ambalo sheria nyingi zinaliachia nafasi. Ya Kenya, kwa mfano, inaruhusu matumizi ya haki kwa ajili ya utafiti wa kisayansi. Kuliweka lahajedwali zima mtandaoni ni kuchapisha upya. Atakayelipakua hana haja tena ya kitabu, na hapo ndipo mwenye haki anapopata sababu ya kulalamika.

Basi mwanafunzi wetu afanyeje? Kwanza, asinakili kitabu, anakili mahitaji yake. Akiorodhesha vyakula vyote walivyovitaja akina mama 120, tuseme anapata 62. Virutubishi anavyovichunguza ni vitano. Hizo ni thamani 310, zilizochaguliwa na mahojiano yake mwenyewe na kupangwa kwa mpangilio wake mwenyewe. Akiskani kurasa zote na kuzigeuza kuwa faili, amechukua uchaguzi na mpangilio wa mtunzi, yaani kile hasa ambacho sheria inakilinda.

Pili, kila namba itembee na chanzo chake. Mali bila daftari hupotea bila habari. Safu za lahajedwali zinaweza kuwa hivi:

```
chakula,kirutubishi,kiasi_100g,chanzo,toleo,ukurasa,aina
```

Safu ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Humo anaandika kama thamani imepimwa, imekadiriwa, au imekopwa kutoka kitabu kingine. Majedwali ya nchi zetu yamekopa thamani nyingi kutoka nje, hasa katika hifadhidata ya Wizara ya Kilimo ya Marekani. Hili lina pande mbili. Mchapishaji wa kitabu hawezi kukupa ruhusa ya namba ambazo naye alizikopa kwa mwingine. Lakini data za wizara ile zimeachwa huru kwa umma chini ya tamko la CC0, kwa hiyo thamani iliyotoka huko unaweza kuifuata kwenye chemchemi yake na kuitumia bila kuomba.

Safu hiyo inalinda pia heshima ya mtunzi. Kistari katika jedwali mara nyingi kina maana kwamba thamani haijulikani. Ukikigeuza kuwa sifuri ili kompyuta ikubali kujumlisha, umemtungia mwandishi kauli asiyoisema, kisha umeweka jina lake pembeni. Badiliko lolote liandikwe kuwa ni lako.

Tatu, aombe ruhusa kwa maandishi, na aombe kitu mahususi. Afungue ukurasa wa hakimiliki, ule wa nyuma ya jalada la ndani, aone mwenye haki ni nani. Mara nyingi ni taasisi au mchapishaji, si waandishi ambao majina yao yako juu ya kitabu. Barua itaje toleo na mwaka, kurasa, idadi ya thamani, aina ya faili, mahali litakapowekwa, mabadiliko yatakayofanywa, na leseni itakayotumika. Hili la leseni ndilo linalowaponza wengi. Ruhusa ya kutumia katika tasnifu si ruhusa ya kuweka mtandaoni. Kitabu kikiwa na leseni ya CC BY-NC-SA, inayokataza biashara na kudai kazi mpya ibaki chini ya leseni ileile, huwezi kukigeuza kuwa CC BY ili kumridhisha mhariri wa jarida. Huwezi kutoa haki ambayo wewe hukupewa. Tena ukimya wa mwenye haki si ridhaa. Baada ya kusubiri bila jibu, hesabu kwamba hujaruhusiwa.

Je, akikataliwa, utafiti umekufa? Haujafa. Anaweza kuchapisha matokeo yaliyokokotolewa, yaani kiasi cha chuma alichopata kila mama, pamoja na fomula zake na lahajedwali ambalo safu ya `kiasi_100g` imeachwa wazi huku chanzo, toleo na ukurasa vikibaki. Mtafiti mwingine mwenye kitabu anaijaza safu hiyo na kuhakiki hesabu yote. Sayansi imehifadhiwa, na haki ya mtunzi haijaguswa.

Penye shaka, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania na Bodi ya Hakimiliki Kenya zipo kwa maswali ya namna hii, na wakutubi wa vyuo vikuu wanajua mengi kuliko wanavyoulizwa. Ombi langu kwa kila mtafiti ni moja: andika barua hiyo siku unayofungua lahajedwali jipya, si siku mhariri anapokudai data. Barua ya ukurasa mmoja hutosha mwanzoni. Ukichelewa, majibu yanaweza kukukuta makala imekwisha kutoka, na faili limeshapakuliwa na watu usiowajua wala usioweza kuwarudisha.