Kutoka wasifu wa karatasini hadi utambulisho wa nusu dakika

Utambulisho wa sekunde 30 ni maelezo anayoyatoa mtu kwa mdomo anapokutana na wasiomjua katika hafla ya kibiashara au ya kitaaluma. Wengi huutoa kwenye wasifu wao ulioandikwa. Tatizo ni kwamba wasifu umeandikwa kwa ajili ya macho: msomaji aliyepotea hurudi mstari wa juu akasoma tena. Msikilizaji hana nafasi hiyo, hasa ukumbini penye kelele. Tena wasifu hueleza yaliyopita, ilhali anayesalimiwa hutaka kujua watu hawa wawili wanaweza kufaana vipi leo.

Kipimo cha kwanza ni urefu. Kwa Kiswahili cha kutulia, nusu dakika hutosha maneno 50 hadi 60 hivi. Miongozo ya Kiingereza hutaja maneno kama 75, lakini neno la Kiswahili kwa kawaida lina silabi nyingi zaidi, kwa kuwa kitenzi kimoja hubeba mtendaji, wakati na mtendwa. Anayefuata kipimo cha Kiingereza hujikuta akikimbia.

Tuchukue mfano wa mhandisi ambaye wasifu wake unasomeka hivi: “Ni mhandisi wa umwagiliaji mwenye shahada ya uzamili kutoka Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na uzoefu wa miaka 12 katika usanifu na usimamizi wa miradi. Amefanya kazi na halmashauri, mashirika yasiyo ya kiserikali na kampuni binafsi. Mwaka 2019 alianzisha kampuni inayofunga mifumo ya umwagiliaji wa matone kwa wakulima wadogo wa mboga mkoani Morogoro. Ni mjumbe wa kamati kadhaa za kitaaluma.”

Kazi ya kwanza ni kupunguza. Kila sentensi hupimwa kwa swali moja: mgeni akiisikia, atapata la kuuliza au la kufanya? Shahada, orodha ya waajiri na kamati havipiti. Nafasi yake ni kwenye kadi au katika ujumbe wa kesho yake. Sentensi ya kampuni inapita, japo imezikwa katikati, na ndiyo inayostahili kutangulia. Katika tarakimu, miaka 12 inatosha kujenga imani. Mwaka wa kuanzishwa haumsaidii msikilizaji.

Kazi ya pili ni kugeuza lugha. Nafsi ya tatu huwa ya kwanza, na nomino nzito kama “usanifu na usimamizi” huwa vitenzi vinavyoonyesha kitu kikitendeka. Kazi ya tatu ni kuongeza kile ambacho wasifu hauna kabisa, yaani ombi. Matokeo yanaweza kuwa haya:

“Naitwa fulani, natokea Morogoro. Nafunga mabomba ya umwagiliaji wa matone kwa wakulima wadogo wa mboga, wale wenye nusu eka hadi eka mbili. Mkulima aliyekuwa akimwagilia kwa ndoo sasa hulima hata kiangazi. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na miwili. Leo natafuta chama cha akiba na mikopo kitakachowakopesha wakulima vifaa. Na mwenzangu, unajishughulisha na nini?”

Hayo ni maneno 50 hivi, kwa hiyo kuna nafasi ya kutua kidogo baada ya jina ili lisikike. Salamu haihesabiwi. Mtu mzima huamkiwa shikamoo na kusubiriwa aitikie. Anayerukia maelezo kabla ya hapo huonekana hana adabu, na maneno yake hupoteza uzito.

Kasoro hujulikana kwa jibu la msikilizaji. Akiuliza, “Kwani hasa unafanya nini?”, sentensi ya pili haijaeleweka na inahitaji maneno mepesi zaidi. Akisema “Hongera” kisha akanyamaza, ombi halikuwepo au lilikuwa pana mno: “natafuta wadau” haimwambii mtu amtaje nani, ila “chama cha akiba na mikopo” humkumbusha jina. Akianza kutazama pembeni, maelezo yamerefuka. Dawa yake ni kuondoa sentensi nzima, kwani kuongeza kasi huharibu na zile zilizobaki.

Mazoezi hufanywa kwa sauti, simu ikirekodi na kuhesabu muda. Kinachokaririwa ni mpangilio wa hoja: jina, kazi na anayehudumiwa, matokeo, ushahidi mmoja, ombi, swali. Maneno yakikaririwa yote, sauti huwa ya mtu anayeghani shairi, na akikatizwa hashiki tena alipoachia.

Sehemu nne za mwanzo zinaweza kubaki zilivyo kwa muda mrefu. Ombi ndilo linalopaswa kuandikwa upya kabla ya kila hafla, kulingana na watu watakaokuwepo.