Mbele ya ubao mweupe

Swali lenyewe lilikuwa fupi. Msaili aliandika malipo matano ubaoni: 7,500, 4,000, 9,000, 3,500 na 12,000. Kisha akasema, "Nipe programu itakayotafuta malipo mawili ambayo jumla yake ni 12,500. Orodha yaweza kuwa ndefu kuliko hii." Akampa yule binti maka peni, akarudi kukaa.

Usaili wa aina hii ni wa kawaida kwa wanaoomba kazi ya kutengeneza programu za kompyuta. Hakuna kompyuta ya kuendeshea ulichoandika, hakuna pa kuchungulia jibu. Anayesaili hatafuti jibu peke yake. Anataka kuona mtu anavyofika kwenye jibu hilo. Binti huyu, ambaye kisa chake ni cha kubuni lakini kimejengwa kwa mambo yanayotokea kweli katika vyumba hivyo, alikuwa amemaliza chuo mwaka huohuo. Alikuwa amefanya mazoezi ya maswali kama hilo chumbani kwake, na huko alikuwa akiyamaliza bila taabu.

Alianza vizuri. "Samahani kaka, malipo yanaweza kujirudia? Na kama hakuna mawili yanayofikia jumla hiyo, nirudishe nini?" Msaili akajibu kwamba yanaweza kujirudia, na kwamba jozi isipopatikana arudishe `None`. Hayo yalikuwa maswali ya maana, maana kila moja lingebadilisha programu. Kisha akaandika njia inayomjia kila mtu kwanza: chukua lipo la kwanza, ulijumlishe na kila lipo linalofuata, chukua la pili, ufanye vivyo hivyo.

"Inafanya kazi," msaili alisema. "Malipo yakiwa laki moja, itakuwaje?"

Hapo ndipo alipokwama. Malipo matano yana jozi 10 tu za kukagua. Malipo 1,000 yana jozi 499,500. Yakifika 100,000, jozi zinakaribia bilioni 5. Alijua njia hiyo ni nzito, na alijua ipo nyepesi zaidi, lakini akabaki ameukodolea macho ubao. Mkono ulikuwa umeanza kutokwa jasho. Alifuta mstari mmoja, akauandika tena vilevile. Kimya kikazidi, na kila kilivyozidi ndivyo alivyozidi kuwaza kimya chenyewe badala ya malipo.

Kukwama huku si dalili ya ujinga, na kuna utafiti unaoonyesha hivyo. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina na kampuni ya Microsoft walichapisha matokeo ya jaribio la wanafunzi 48 wa kompyuta. Wote walipewa swali la ubaoni. Baadhi yao walilifanya mbele ya msaili huku wakieleza wanachowaza. Wengine walilifanya peke yao chumbani. Waliotazamwa walifanya vibaya kwa zaidi ya nusu wakilinganishwa na waliokuwa peke yao. Miongoni mwa wanawake tofauti ilikuwa kali zaidi: waliotazamwa hawakufaulu hata mmoja, na waliokuwa peke yao walifaulu wote. Kundi lilikuwa dogo, kwa hiyo si haki kulipanua matokeo hayo kwa watu wote. Hata hivyo sababu yake inaeleweka: akili hushika mambo machache tu kwa wakati mmoja, na hofu ya kutazamwa ikishachukua nafasi yake, nafasi ya swali inapungua. Kwa maoni yangu, kila msaili angepaswa kumwachia mtu dakika chache za kuwaza bila kumkodolea macho.

Msaili wa binti huyu alifanya jambo jingine jema. "Dada, niambie unachowaza, hata kama hakijakamilika."

"Nawaza kwamba narudia kazi," alijibu taratibu. "Kila nikifika kwenye lipo jipya, naipitia orodha yote upya."

"Sawa. Sasa umefika kwenye 3,500. Unatafuta nini hasa?"

Hicho ndicho kidokezo. Msaili hakutaja jibu wala jina la mbinu. Alimrudisha kwenye namba moja. Na aliweza kukitoa kwa sababu binti alikuwa ameshasema wazo lake limekwamia wapi. Anayenyamaza kabisa ni vigumu kumsaidia, kwa kuwa msaili hajui akiguse kipi. Wengi huogopa kwamba kupewa kidokezo ni kushindwa. Wasaili wazoefu huandika pia mtu alivyokipokea: je, alikisikiliza na kukitumia, au aliendelea kushikilia njia yake?

"Natafuta 9,000," binti alisema. Akanyamaza kidogo. "Yaani sitafuti lipo lolote. Nalijua ninalolitaka. Nahitaji tu kujua kama nimeshapishana nalo."

Njia ikafunguka. Kompyuta inaweza kutunza malipo iliyokwisha kuyaona katika seti, ambayo kwa kawaida huulizwa "hili limo?" na kujibu karibu papo hapo, bila kupekua moja baada ya jingine. Kwa malipo laki moja, inapita orodha mara moja tu. Gharama yake ni kumbukumbu, maana malipo yaliyoonwa lazima yakae mahali.

Lakini kwa furaha aliharakisha. Katika kila mzunguko alitia lipo kwenye seti kwanza, ndipo akauliza kama mwenzake yumo. Angeweza kusema "nimemaliza". Badala yake alisema, "Naomba niijaribu kwa mkono," akachagua jumla ya 8,000. Alipofika kwenye 4,000, programu iliitia kwenye seti, ikatafuta 4,000 nyingine, ikaikuta ileile. Lipo moja likawa limehesabiwa mara mbili. Bila msaili kusema neno, alibadilisha mpangilio: uliza kwanza, tia baadaye.

```
def jozi(malipo, jumla):
    yaliyoonwa = set()
    for m in malipo:
        if jumla - m in yaliyoonwa:
            return (jumla - m, m)
        yaliyoonwa.add(m)
    return None
```

Sasa kwa 8,000 inarudisha `None`, kama inavyotakiwa. Kungekuwa na malipo mawili ya 4,000, ingeyapata, kwa sababu la kwanza lingekuwa tayari kwenye seti la pili linapofika. Kosa alilojivumbulia mwenyewe lilimjenga mbele ya msaili kuliko ambavyo programu isiyo na kosa ingefanya, kwa kuwa kazini hiyo ndiyo shughuli ya kila siku.

Zilibaki dakika chache. "Na kama kumbukumbu haitoshi kwa seti hiyo?" msaili aliuliza.

Safari hii hakunyamaza. "Ningeyapanga kwanza kuanzia dogo hadi kubwa: 3,500; 4,000; 7,500; 9,000; 12,000. Halafu naanzia ncha zote mbili. 3,500 na 12,000 ni 15,500, imezidi, kwa hiyo nasogea kushoto kutoka ile kubwa. 3,500 na 9,000 ni 12,500. Jumla ingepungua, ningesogeza ile ndogo kwenda kulia. Kuyapanga kunachukua muda zaidi ya kuyapita mara moja, lakini nikiyapanga humohumo kwenye orodha sihitaji nafasi nyingi ya ziada."

Alitaka kuiandika nayo, lakini sehemu ya chini ya ubao ilikuwa imejaa. "Acha, nimekuelewa," msaili alisema, akamuuliza kama ana swali lolote kuhusu kazi yenyewe. Alikuwa nalo: alitaka kujua ni nani hukagua programu za mgeni kabla hazijaanza kutumika.