Viza ni yuro 90, safari ya kuiomba ni bei gani?

Ukimuuliza mtu aliyewahi kuomba viza ya Schengen alilipa kiasi gani, atakutajia ada: yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na nusu yake, yaani 45, kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Walio chini ya umri huo hawalipi. Lakini mwombaji anayeishi mbali na ubalozi ada hiyo haimtoi hata nusu ya njia.

Tumchukue mama anayeishi Mwanza, anayetaka kwenda na mwanawe wa miaka 9 kumtembelea dada yake Ulaya. Nitatumia makadirio yangu, yuro moja kwa shilingi 3,000, nawe uweke bei za kwenu. Ada za wote wawili ni 405,000. Balozi nyingine hupokea maombi zenyewe, nyingine huyapitisha kwenye kituo cha kampuni, na kituo hicho hudai malipo yake ya huduma. Tukiweka yuro 30 kwa kila mmoja, hapo 180,000 zimeondoka. Bima ya safari ni lazima, na sharti ifidie matibabu yasiyopungua yuro 30,000. Tuseme 60,000 kila mmoja.

Picha zinaonekana jambo dogo, na ndiyo maana huwakwamisha watu. Studio nyingi mtaani zimezoea saizi ya pasipoti yenye nyuma ya bluu, wakati Schengen wanataka milimita 35 kwa 45, nyuma kuwe na rangi nyepesi, na uso ujaze sehemu kubwa ya picha. Mpe mpigapicha vipimo hivyo kabla hajakukalisha kwenye kiti. Picha za wawili, weka 20,000.

Mtoto akisafiri na mzazi mmoja, mzazi aliyebaki huandika barua ya ridhaa, nayo hugongwa muhuri wa wakili. Cheti cha ndoa na barua ya mwajiri zilizoandikwa kwa Kiswahili huhitaji tafsiri yenye muhuri, kazi ambayo BAKITA huifanya. Kabla ya kulipa, soma orodha ya ubalozi wako ujue ni karatasi zipi hasa, kwa maana tafsiri hulipiwa kwa ukurasa na wengi hutafsirisha hata wasichoulizwa. Kwa tafsiri na wakili tuweke 120,000.

Mpaka hapa ni 845,000, na mama bado hajatoka Mwanza.

Alama za vidole haziwezi kutumwa kwa basi. Kila mwenye miaka 12 na zaidi hufika mwenyewe kuziweka, na zinaweza kutumika tena ndani ya miezi 59, hivyo aliyeziweka karibuni anaweza kusamehewa. Mtoto wa miaka 9 hachukuliwi alama, ila wapokeaji wengine hutaka kumwona, na mama ataulizia hilo kabla ya kukata tiketi ya pili. Wakienda wote Dar es Salaam kwa basi, nauli ya kwenda na kurudi, gesti siku mbili, chakula na daladala, nakadiria 420,000. Kisha kuna kurudi kuchukua pasipoti: mama peke yake, 260,000. Jumla yote sasa ni 1,525,000, na ada ya viza ni robo tu na ushee. Pasipoti zikiweza kurudishwa kwa huduma ya vifurushi, safari ile ya pili inafutika. Ni swali la kuuliza siku ya kwanza dirishani.

Hapo ndipo wakala anapofaa kupimwa. Fomu haiuzwi, na uamuzi hutoka kwa maofisa wa viza tu, kwa hiyo anayekuuzia uhakika wa kupata anauza kitu asichokuwa nacho. Vidole vyako pia hawezi kuviweka yeye. Anachoweza ni kupanga karatasi zisipungue, ili usirudishwe Mwanza kufuata barua moja. Akitaka 300,000, na safari moja ya ziada ni 260,000, basi anauza kinga iliyo ghali kuliko hasara yenyewe. Anayeishi Kigoma, asiyeweza kusoma fomu ya Kiingereza, anaweza kuona bei hiyo ni ya haki. Anayeisoma mwenyewe ana sababu ndogo ya kuilipa.

Viza ikikataliwa, ada hairudi, wala malipo ya kituo, wala nauli. Kampuni nyingine za bima hurudisha pesa ukiwaonyesha barua ya kukataliwa. Uliza kabla ya kununua, na tiketi ya ndege usiilipie mpaka viza iko ndani ya pasipoti. Mama yetu akikataliwa na kuomba tena, ada na malipo ya kituo, 585,000, atayalipa upya. Alama zake za vidole zitakuwa zimehifadhiwa tayari.