Kufuta Mkia wa Ndege Bila Kuacha Mabaka Angani

Picha nzuri ya Kilimanjaro kutoka Amboseli hupigwa alfajiri, kabla mawingu hayajakifunika kilele cha Kibo. Anga ni buluu tupu, theluji inang'aa, tembo wako mahali pake. Halafu juu kulia kuna mstari mweupe uliokatiza anga kishazari, na mbele yake kidoa kisichozidi punje ya mchele: ndege.

Wengi huchukua brashi ya kufutia, wakapitisha mara mbili tatu, wakaridhika. Picha ikifunguliwa kwenye skrini kubwa, pale palipokuwa na mstari pana utepe laini usiofanana na anga ya jirani, na pembeni yake kuna ngazi za buluu zilizopangana. Ndege imeondoka, aibu imebaki.

Sababu ni kwamba anga tupu si tupu. Rangi yake hubadilika polepole, nzito juu na nyepesi karibu na upeo wa macho, na juu ya rangi hiyo kamera hutawanya chenga ndogondogo. Picha ya JPEG ina viwango 256 tu kwa kila rangi ya msingi. Tuseme buluu inapanda viwango 40 katika pikseli 2,000 za kimo cha anga: kila kiwango kitachukua takriban pikseli 50. Hiyo ni ngazi pana ya kutosha kuonekana. Kinachoificha ni zile chenga, kwa kuwa zinavuruga mpaka kati ya kiwango kimoja na kinachofuata. Anayezilainisha anaifunua ngazi kwa mkono wake mwenyewe.

Kazi hii inafanyika vizuri hata kwa GIMP, programu isiyolipiwa. Ni bora kuanza na faili ghafi ya kamera. Kabla ya kugusa chochote, picha huwekwa kwenye biti 16 kupitia Image > Precision. Faili ya JPEG haitapata viwango ilivyokwisha kupoteza, lakini marekebisho mapya hayatakatwakatwa ovyo. Kisha leya inarudufiwa, ili ya asili ibaki salama chini.

Kidoa cha ndege ni rahisi. Kwa zana ya Heal na brashi yenye upana kama mara mbili ya ndege, mhariri anashika Ctrl na kubofya anga safi iliyo kando, kisha anabofya mara moja juu ya ndege. Basi.

Mkia ndio wenye ukaidi. Ni mvuke wa maji kutoka kwenye injini ulioganda kuwa chembe za barafu katika baridi kali ya juu, na upepo huutawanya. Kwa hiyo kingo zake huenda mbali kuliko jicho linavyodhani. Heal hulinganisha mwanga wa kiraka na mwanga wa kingo za brashi. Kingo zikiangukia kwenye ukungu wa mkia, weupe unarudishwa ndani na mzuka wa mstari unabaki. Brashi na iwe pana kupita mkia wenyewe, pande zote mbili.

Chanzo cha kunakili kiwe kando, kwa kimo kilekile kutoka upeo wa macho, si juu wala chini, maana huko buluu ni nyingine. Mkia ukiwa wa kishazari hili linawezekana mwanzo hadi mwisho: mhariri anaweka Alignment kuwa Aligned, anabofya ncha moja, anashika Shift, anabofya mbele kidogo, na brashi inafuata mstari ulionyooka. Opacity ibaki 100. Kupitisha brashi hafifu mara nyingi huchanganya chenga za sehemu mbili mpaka zinafifia, na hapo ndipo baka huzaliwa.

Karibu na mlima, Heal huvuta weusi wa mwamba au weupe wa theluji angani. Pale Clone ndiyo salama.

Jicho peke yake halitoshi kukagua. Mhariri anatengeneza leya ya muda kwa Layer > New from Visible, kisha kwenye Colors > Curves anausimamisha mstari karibu wima pale ilipo buluu ya anga. Kila baka litajitokeza wazi. Palipolainika panachaguliwa kwenye leya ya kazi na kuongezewa chenga kidogo sana kwa Filters > Noise > RGB Noise, mpaka pafanane na jirani yake. Leya ya muda inafutwa. Wakati wa kurudi biti 8, dirisha la Precision hutoa nafasi ya kuchagua Dithering; itumike, kwani ndiyo inayovunja ngazi.

Yote haya ni kwa kalenda, kadi na picha za ukutani. Picha ya habari ni jambo jingine: kanuni za shindano la World Press Photo haziruhusu kuongeza wala kuondoa kitu kilichokuwamo kwenye tukio. Huko ndege ibaki ilipo.