Miaka 22 tu

Matokeo ya Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 yalijaa tarakimu: watu 61,741,120, kutoka 44,928,923 mwaka 2012, ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka. Hapo msomaji keshachoka. Mimi ningebakiza hiyo 3.2 peke yake na kugawa 70 kwayo, hesabu ya haraka ya kukadiria muda wa kuongezeka maradufu. Jibu ni karibu 22. Kisha ningeandika: “Kwa kasi hii, mtoto aliyezaliwa mwaka wa sensa atatafuta kazi katika nchi yenye watu mara mbili ya waliokuwapo alipozaliwa.” Mhariri asiyakate maneno “kwa kasi hii”; uzazi ukipungua, 22 si kweli tena.